Kuandika Upya Kifungu cha Zawadi na Ukarimu katika Sera ya Ununuzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maafisa wa ununuzi, wahasibu na mameneja wa mashirika ya binafsi na yasiyo ya kiserikali nchini Kenya ambao wamepewa kazi ya kuandika upya kifungu cha zawadi. Watumishi wa umma wana sheria na kanuni zao, na viwango vinavyopendekezwa hapa havichukui nafasi ya hizo. Nimekuwa katika kazi ya ununuzi kwa miaka mingi, na maswali yaliyo hapa ndiyo ambayo wenzangu huniuliza kila wanapofika kwenye kifungu hiki.

Kifungu chetu kipo tayari na kimekaa miaka mingi. Kwa nini tukiandike upya?

Tazameni kwanza kinavyosema. Katika mashirika mengi kinakaribia sana maneno haya:

*"Wafanyakazi hawapaswi kupokea zawadi kubwa au ukarimu uliopita kiasi kutoka kwa wasambazaji. Zawadi ndogo za kawaida zinaruhusiwa. Pale inapobidi, mfanyakazi atamjulisha msimamizi wake."*

Hakuna aliyekosea kwa kuandika hivyo, na kila neno lina nia njema. Lakini mtunza stoo aliyeletewa kapu la sikukuu saa tisa alasiri hawezi kuamua lolote kwa maneno hayo. Kubwa ni kiasi gani? Kiasi ni kipi ambacho kikipitwa ni kosa? Inabidi lini kumjulisha msimamizi, na kwa njia gani, na msimamizi akishajulishwa afanye nini? Kifungu kinamwachia mfanyakazi mzigo wa kukisia, kisha ukaguzi ukija kinamhukumu kwa makisio yake.

Njia ninayoitumia kupima kifungu ni rahisi. Ninawachukua watu watatu wa kazi tofauti, kwa mfano dereva, mtunza stoo na mhasibu, na kumsomea kila mmoja peke yake kifungu pamoja na visa vitano. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo katika shirika nililokuwa nikifanyia kazi, kisa cha kapu la shilingi elfu nne na kitu kilipata majibu matatu: mmoja alisema ni zawadi ndogo kwa sababu ni chakula, wa pili alisema ni kubwa, na wa tatu alisema inategemea kama na wengine wamepewa. Wote watatu walikuwa waaminifu. Kasoro ilikuwa kwenye maandishi.

Je, sheria inatulazimisha kuwa na kifungu cha namna hii ingawa sisi si taasisi ya serikali?

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, katika kifungu cha 9, inazitaka taasisi za binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wao na aina ya shughuli zao. Sheria haiwaambii mweke shilingi ngapi. Hilo mmeachiwa ninyi, na ndiyo sababu kiwango chenu kinapaswa kuandikwa kwa tarakimu badala ya kuachwa kwenye vivumishi.

Kifungu cha 14 cha sheria hiyo hiyo kina jambo ambalo waandishi wa sera husahau. Mtu mwenye mamlaka katika taasisi anatakiwa kutoa taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 anapojua au kushuku kwamba kumetokea hongo. Nitalirudia hapa chini, kwa sababu linabadilisha namna ya kupanga hatua za kuripoti.

Kiwango kiwe shilingi ngapi?

Hakuna tarakimu moja inayolifaa kila shirika, lakini ipo njia ya kuitafuta. Andikeni orodha ya vitu ambavyo huletwa kwenu kweli: kalenda, shajara, kalamu, fulana, boksi la tende wakati wa Ramadhani, chakula cha mchana, kapu la Krismasi, mbuzi. Kisha pigeni mstari. Kiwango kinapaswa kuwa juu ya kitu cha bei ndogo ambacho hamtaki kusumbuana nacho, na chini ya kitu cha bei ndogo kabisa ambacho mngependa kikataliwe. Kwa shirika la ukubwa wa kati Mombasa au Nairobi, mimi hupendekeza shilingi 2,000 kwa tukio moja na shilingi 5,000 kwa mwaka wa kalenda kutoka kwa msambazaji mmoja.

Tarakimu ya pili ni ya lazima. Penye kikomo cha tukio pekee, msambazaji anaweza kuleta chakula cha shilingi 1,900 kila mwezi na mfanyakazi asiwe amevunja kanuni yoyote. Kanuni za maadili za watumishi wa serikali kuu ya Marekani zimejengwa hivyo hivyo: dola 20 kwa tukio na dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja, na fedha taslimu haziingii kabisa katika ruhusa hiyo. Tarakimu zao si za kuigwa hapa, lakini mpangilio wake unafaa.

Baada ya tarakimu, andikeni maana ya "msambazaji mmoja." Mwenye kampuni tatu zenye mkurugenzi yuleyule ni msambazaji mmoja. Wakala wake, dereva wake na mkewe anayetuma zawadi kwa jina lake wanahesabiwa pamoja naye. Vivyo hivyo upande wa mfanyakazi: zawadi aliyopewa mwenzi wake, mtoto wake au mzazi wake kwa sababu ya kazi yake inahesabiwa kuwa yake.

Thamani inapimwa vipi kama zawadi haina risiti?

Kwa bei ya rejareja ya dukani katika mji mliopo, siku ile ile. Msambazaji anaweza kusema, "Hiki nimekipata kwa jumla, ni mia nane tu," na huenda anasema kweli, lakini mfanyakazi angelazimika kulipa bei ya dukani kama angekitaka. Tiketi inahesabiwa kwa bei iliyochapishwa juu yake. Chakula cha pamoja kinahesabiwa kwa kugawa bili yote kwa idadi ya waliokula. Na pale bei isipojulikana kabisa, kifungu kiseme waziwazi kwamba kitu hicho kihesabiwe kuwa kimezidi kiwango mpaka afisa wa maadili aseme vinginevyo.

Kuna mlango mdogo ambao ni vyema kuufunga mapema. Mfanyakazi hawezi kupokea kitu cha shilingi 3,500 kisha akalipa shilingi 1,500 ili kiwe ndani ya kiwango. Kanuni za Marekani nilizozitaja zinakataza jambo hilo moja kwa moja, na sababu ni ya wazi: malipo hayo ya ziada yanaigeuza zawadi kuwa biashara ya bei nafuu kati ya mfanyakazi na mtu anayeliuzia shirika bidhaa.

Ni zawadi zipi haziruhusiwi hata kama thamani yake ni shilingi mia?

Fedha, na chochote kinachotumika kama fedha. Hapa lazima orodha iandikwe kwa majina ambayo watu huyatumia: noti mkononi au kwenye bahasha, pesa iliyotumwa kwa M-Pesa, muda wa maongezi na bando za intaneti, kadi na vocha za supamaketi, mafuta ya gari yaliyolipiwa kituoni, na mkopo wa aina yoyote hata kama utarudishwa. Ingizeni pia "nauli" na "ya chai." Mtu anayempa dereva wenu shilingi 300 baada ya kupakua mzigo anaweza kuwa hana nia yoyote mbaya, lakini dereva huyo ndiye anayetia saini kwamba katoni zote 40 zimefika. Ruhusuni ya chai ya shilingi 300 na mtakuwa hamna neno la kumwambia atakapopewa ya shilingi 3,000.

Kipindi cha zabuni kishughulikiwe vipi?

Kiwe sifuri. Kalenda haifai wakati huo, wala kalamu, wala chakula cha mchana kilichonunuliwa na mzabuni. Ugumu uko katika kueleza kipindi hicho kinaanza lini na kinaisha lini, kwa sababu sera nyingi husema tu "wakati wa zabuni" na kila mtu anaelewa kivyake.

Mimi hukianzisha siku ombi la ununuzi linapotiwa saini ndani ya shirika, wala si siku tangazo linapotoka. Kati ya siku hizo mbili ndipo sifa za bidhaa zinapoandikwa, na msambazaji anayejua kuna ombi linakuja anaweza kuzielekeza sifa hizo kwake kabla mtu mwingine hajasikia habari. Mwisho wake ni siku mkataba unapotiwa saini na muda wa malalamiko ukiwa umekwisha. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inazitaka taasisi za serikali zisubiri siku 14 tangu wazabuni wajulishwe matokeo kabla ya kutia saini mkataba. Shirika la binafsi halifungwi na sheria hiyo, lakini siku hizo 14 zinafaa kuazimwa, hasa kwa sababu wasambazaji wengi tayari wamezizoea serikalini.

Sifuri hii iwahusu wote walio na mkono katika zabuni hiyo: mwombaji, mwandishi wa sifa, wajumbe wa kamati ya tathmini, mtunza stoo na anayelipa. Kwa upande wa pili iwahusu wote walioomba na wote wanaotarajiwa kuomba.

Na ukarimu? Hatuwezi kumkatalia mtu chai nyumbani kwake.

Hamwezi, na sera isiyolijua hilo haitafuatwa na mtu yeyote. Mkaguzi aliyetumwa kukagua visima katika kaunti ya mbali atapewa chai na mahamri, na kukataa ni kumtukana mwenyeji. Kwa chakula cha kazini mimi sitaji shilingi. Ninaweka masharti matatu ambayo lazima yote yatimie: kiliwe mahali pa kazi, kiliwe ndani ya saa za kazi hiyo, na kiwe kilekile wanachokula wengine waliopo. Chai ya kiwandani inapita. Kuondolewa kiwandani na kupelekwa kwenye hoteli ya ufukweni hakupiti, kwa sababu sharti la kwanza na la tatu yamevunjika.

Safari za kwenda kuona kiwanda au bidhaa ndizo zenye hatari kubwa katika eneo hili, na jibu lake ni fupi: nauli, malazi na posho zilipwe na shirika. Msambazaji anaweza kumsafirisha mgeni ndani ya kiwanda chake, na kumlisha kwa masharti yale matatu. Kama shirika halina fedha za safari hiyo, basi safari isifanyike, au ukaguzi ufanywe kwa sampuli zilizoletwa ofisini.

Wenzetu wanasema ukarimu ni mila yetu na hauwezi kuwekewa kiwango. Tuwajibu nini?

Tuwaeleze kilichotokea kwa jirani zetu wa Tanzania na neno takrima. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili vitu anavyotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila wa Kiafrika visihesabiwe kuwa rushwa. Sheria haikuweka kiasi. Kesi ilipelekwa mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Yalikuwa mambo ya uchaguzi, si ununuzi, lakini fundo ni lilelile: ukarimu ukiingizwa katika kanuni bila kipimo, mtoaji wa rushwa ndiye wa kwanza kujifunika kwa vazi hilo. Anayeupenda ukarimu wetu kweli anapaswa kutaka uwekewe mpaka, ili mwenyeji anayetoa chai kwa moyo safi asichanganywe na mwingine.

Michango ya harusi, matanga na matibabu imo ndani ya kifungu hiki?

Imo, na ndilo eneo ambalo sera nyingi nilizowahi kuzisoma zimelikwepa kabisa. Nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wema huteleza.

Mfanyakazi anaoa. Kamati ya harusi inafungua kundi la simu, kadi za michango zinasambazwa, na mmoja wa watu walio kwenye orodha ya simu yake ni msambazaji wa vifaa vya ofisi. Mtu huyo anatuma shilingi 10,000. Hakuombwa kwa ajili ya biashara, wala hakutaja biashara. Lakini mwezi ujao kotesheni yake itakuwa mezani, na mfanyakazi atakayeisoma ni bwana harusi. Hata akiamua kwa haki kabisa, walioshindwa watakuwa na sababu ya kutoamini.

Kwa hiyo kifungu kiseme kwamba mchango wa msambazaji katika harusi, mazishi, karo au bili ya hospitali ya mfanyakazi ni fedha, na kwa kuwa ni fedha kiwango chake ni sifuri. Kiseme pia kwamba kupitishwa kwa mweka hazina wa kamati, kwa ndugu au kwa nambari ya harambee hakuibadilishi. Gunia la mchele lililoletwa matangani lina hukumu ileile. Msambazaji kuja kukaa na wafiwa, kushiriki mazishi na kutoa pole si zawadi, na kifungu kilitaje jambo hilo waziwazi ili mtu asije akamkimbia aliyekuja kumzika mzazi wake.

Kisha yapo mambo matatu ya utekelezaji. La kwanza, mfanyakazi asimwingize msambazaji kwenye kundi la michango wala kumtumia kadi. Hilo liko mikononi mwake. La pili, pesa ya simu huingia bila mpokeaji kuulizwa, na kwa hiyo kuingia peke yake kusiwe kosa. Kosa liwe kukaa nayo kimya. Mfanyakazi airudishe kwa nambari ileile iliyoituma, ahifadhi ujumbe wa kuthibitisha wenye nambari ya muamala, na aambatishe nakala yake kwenye fomu. La tatu, aliyefiwa asidaiwe fomu siku ya mazishi. Muda wake wa kuripoti uanze siku anaporudi kazini, na mwenzake wa idara aruhusiwe kujaza kwa niaba yake.

Linabaki swali la jamaa na majirani. Katika miji yetu msambazaji anaweza kuwa binamu, au mtu ambaye familia zenu zimekuwa zikizikana tangu enzi za babu. Uhusiano kama huo haufutwi na sera. Dawa yake ni tamko la mgongano wa maslahi, litolewe kabla ya zawadi yoyote, mtu huyo aondolewe katika maamuzi yote yanayomhusu jamaa yake, na baada ya hapo michango ya kifamilia iendelee kama ilivyokuwa. Tamko linalotolewa baada ya pesa kuingia lisikubaliwe kuwa tamko.

Mfanyakazi aripoti kwa nani, kwa muda gani na kwa njia gani?

Kuwe na njia mbili zilizotenganishwa, kwa sababu zina saa tofauti.

Njia ya kwanza ni ya zawadi ya kawaida, iliyopokelewa au iliyokataliwa. Mfanyakazi ajaze fomu ya ukurasa mmoja na kumfikishia afisa wa maadili kabla ya saa 10 jioni (16:00) ya siku ya kazi inayofuata. Andikeni saa kwa namna zote mbili, kwa sababu nimeona kumbukumbu iliyosema "kabla ya saa kumi" ikasomwa na mtu mmoja kuwa jioni na mwingine kuwa asubuhi kwa mtindo wa Kiingereza. Muda uanze kuhesabiwa pale mfanyakazi anapokipata kitu au anapoambiwa kwamba kimeletwa kwa ajili yake, lolote litakalotangulia. Msimamizi wa karibu asiwe kituo cha lazima katika njia hii. Akiwa safarini fomu inalala mezani kwake, na wakati mwingine yeye mwenyewe ndiye aliyekula chakula kile.

Vitu vya chini ya kiwango, kama kalenda au kalamu, viandikwe pia lakini kwa mstari mmoja tu kwenye rejista, bila fomu. Mstari huo ndio unaowezesha hesabu ya shilingi 5,000 za mwaka kufanyika.

Njia ya pili ni ya hongo au shaka ya hongo: mtu ametoa kitu na kuomba bei za washindani, au ametoa bahasha, au ametishia. Hapa fomu ingoje. Mfanyakazi apige simu mara moja kwa afisa wa maadili au kwa mkurugenzi, hata kama ni Jumapili, kwa sababu zile saa 24 za kifungu cha 14 ni saa na si siku za kazi. Kifungu chenye hatua tano za ndani, kila moja na siku yake, kinamweka mkurugenzi katika hali ya kuchelewa kisheria kabla fomu haijafika kwake.

Kwa nini tuandike zawadi zilizokataliwa? Si jambo limeshakwisha?

Limekwisha kwa aliyekataa, lakini msambazaji yuleyule huenda kesho akaenda kwa mwingine. Rejista yenye waliokataa ndiyo inayoonyesha kwamba mtu mmoja amewajaribu wafanyakazi watatu katika wiki mbili kabla ya zabuni kufunguliwa. Pia inamlinda aliyekataa, kwa kuwa ana maandishi yenye tarehe iwapo atasingiziwa baadaye.

Rejista yenyewe isiwe na mambo mengi: tarehe na saa, jina la mtoaji na kampuni yake, aliyelengwa, kitu gani, thamani na ilivyojulikana, kama kuna zabuni inayomhusu mtoaji, kilichofanyika, na saini mbili.

Tuonyesheni kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Nimekitunga kisa hiki kwa kuunganisha mambo ya kawaida ya mwezi wa Desemba. Ni Ijumaa, saa 9 alasiri. Pikipiki ya msambazaji wa vifaa vya ofisi inasimama langoni na kuacha kapu lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa, lenye kadi ya jina la mtunza stoo. Mtunza stoo ametoka. Mlinzi analipokea.

Hapa swali la kwanza tayari limeibuka: mlinzi ameajiriwa na kampuni nyingine, je, sera inamhusu? Inapaswa kumhusu. Kifungu kipya kiseme kwamba kinawahusu wafanyakazi wote pamoja na walinzi, wafagiaji na wengine wanaofanya kazi ndani ya eneo la shirika kwa mkataba wa kampuni nyingine. Mlinzi hatoi hukumu yoyote. Anaandika kwenye daftari la lango kitu, mleta na saa, na kulifungia kapu ofisini, wala halifungui.

Mtunza stoo anarudi saa 10 na robo, anaambiwa. Saa yake ya kuripoti imeanza, na itakwisha Jumatatu saa 10 jioni. Anampigia afisa wa maadili, wanalifungua pamoja na kuorodhesha kwa bei ya supamaketi iliyo karibu: mchele kilo 5 shilingi 900, mafuta ya kupikia lita 3 shilingi 1,050, sukari kilo 2 shilingi 340, boksi la biskuti 560, majani ya chai na juisi 700, na kapu lenyewe 800. Jumla ni shilingi 4,350.

Maswali yanaulizwa kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo uandikwe katika kifungu. Je, ni fedha? Hapana. Je, kuna zabuni? Ombi la ununuzi wa vifaa vya ofisi vya mwaka ujao lilitiwa saini tarehe 12 Desemba, na mtunza stoo ndiye aliyeandaa orodha ya mahitaji. Kiwango kwa hiyo ni sifuri na uamuzi umepatikana, hakuna haja hata ya kuangalia bei. Lau isingekuwapo zabuni, shilingi 4,350 zingekuwa juu ya 2,000 na jibu lingekuwa lilelile.

Mtu mmoja huuliza kila mara kama mtunza stoo angeweza kuchukua mchele na sukari tu, ambavyo ni shilingi 1,240, na kurudisha vingine. Zipo kanuni zinazoruhusu kukataa vitu vinavyoweza kutenganishwa. Mimi huandika kwamba zawadi iliyofungwa pamoja ni kitu kimoja, kwa sababu kuchambua kapu stooni mbele ya wenzake ni fedheha kwa mfanyakazi, na hesabu yake haina mwisho.

Jumatatu asubuhi fomu inafika. Afisa wa ununuzi anampigia msambazaji kumshukuru na kumwomba alichukue kapu ndani ya siku tatu za kazi, kisha anamtumia barua pepe yenye maneno hayohayo. Asipolichukua, linapelekwa kwenye makao ya watoto kwa barua, na nakala ya barua inakwenda kwa msambazaji na kwenye rejista. Lisigawanywe ofisini. Kugawana kunawafanya watu ishirini kuwa wapokeaji badala ya mmoja. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 76, inaihesabu zawadi anayopewa ofisa wa Serikali katika hafla ya umma au ya kiserikali kuwa ni ya Jamhuri na si yake. Wazo hilo linaweza kuazimwa kwa zawadi zisizorudishika: ni za shirika, na shirika ndilo linaloamua pa kuzipeleka.

Kotesheni ya msambazaji huyo inaendelea kupokewa kama za wengine, kwa kuwa alichofanya kinaweza kuwa desturi tu. Angekuwa ameandika kwenye kadi, "Usitusahau Januari," njia ya pili ingeanza saa ileile.

Wasambazaji wataudhika?

Wengi watafarijika, kwa sababu kapu la shilingi 4,350 kwa wateja thelathini ni gharama kubwa kwa mfanyabiashara mdogo anayeogopa kuonekana mchoyo. Wanaoudhika ni wale waliogutushwa. Watumieni barua mwezi Oktoba, kabla ya makapu kuagizwa, yenye viwango vyote viwili na nambari ya afisa wa maadili, na chapeni mstari mmoja chini ya kila hati ya agizo la ununuzi: "Hatupokei zawadi ya fedha ya kiasi chochote, wala zawadi yoyote wakati wa zabuni." Mfanyakazi anayekataa atakuwa na karatasi ya kuonyesha, na hatalazimika kubuni udhuru.

Tutajuaje kwamba kifungu kipya hakifanyi kazi?

Rejista itawaambia. Shirika lenye wasambazaji sitini na rejista tupu mwaka mzima lina watu wasioripoti. Thamani nyingi za shilingi 1,900 na 1,950 zinaonyesha kwamba makadirio yanalengwa kwenye kikomo, kwa hiyo chukueni vitu vitatu na mvitafutie bei dukani. Idara ambayo haina hata mstari mmoja huku jirani yake ina kumi inahitaji kutembelewa. Lakini msimshuku anayeripoti mara nyingi. Mara nyingi huyo ndiye aliye langoni.

Afisa wa maadili aisome rejista kila mwisho wa mwezi akiilinganisha na orodha ya zabuni zilizo wazi, na viwango viangaliwe upya kila Januari dhidi ya bei za dukani. Shilingi 2,000 za leo hazitanunua kitu kilekile baada ya miaka mitano, na kiwango kilichopitwa na bei huwarudisha watu kwenye kukisia.